Mshindani si adui: maneno ya uwanja na maneno ya soko

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya familia za wahamishwa na viongozi wao)



Leo tuzungumze juu ya maneno manne: adui, hasimu, mpinzani na mshindani. Tunayasikia redioni na kuyasoma gazetini, na mara nyingi tunayachanganya. Tuanze na habari za michezo, kisha tuingie ukurasa wa biashara.

Mtangazaji wa mpira anayatumia yote manne. Timu mnayocheza nayo leo ni mpinzani, kwa kuwa inapinga njia yenu ya kwenda golini. Timu zote zinazotafuta kombe moja ni washindani, hata zile ambazo hamkutani nazo leo. Mazembe na Lupopo wa Lubumbashi wanaitwa mahasimu, kwa sababu ni timu za mji mmoja na wameshindana miaka mingi. Watanzania wakisema juu ya Simba na Yanga huwaita watani wa jadi, na neno hilo linatia mzaha ndani ya ugomvi. Mpira ukikaribia goli, mtangazaji anapaza sauti: "Wamefika lango la adui!" Hakuna anayeshtuka. Tunajua kuna mwamuzi na kuna dakika 90. Filimbi ya mwisho ikilia, wachezaji wanapeana mikono, na adui huyo amekwisha.

Lakini hata uwanjani filimbi haitoshi kila siku. Mwezi wa 5 mwaka 2014, Kinshasa, mchezo wa Vita Club na Mazembe katika uwanja wa Tata Raphaël uliingia vurugu, na watu 15 wakafa. Sisemi kwamba neno ndilo lililowaua. Nasema neno la vita ni salama mahali ambapo sheria ya mchezo inaheshimiwa na wote.

Lichunguzeni pia neno hasimu. Limetoka Kiarabu, na huko ni mtu mnayeshitakiana naye. Ndani yake kuna uhasama. Mapatano ya amani yanaposema "kusimamisha uhasama", yanasema juu ya bunduki. Neno linaloleta kicheko katika habari za mpira ni lilelile linaloleta machozi katika habari za vita.

Sasa biashara. Mwandishi anayeijua kazi yake anaandika mshindani. Sokoni hakuna filimbi ya mwisho. Kesho wote wawili watapanga tena bidhaa zao, na wote wawili wanaweza kuuza. Akiandika adui, kwa kawaida ni kitu, si mtu: deni ni adui wa mchuuzi, barabara mbovu ni adui wa mkulima.

Tuchukue mfano. Mama mwenyeji anauza nyanya ndani ya soko, fungu la nyanya 6 kwa faranga 1000, na kila siku analipa ushuru. Mama mhamishwa ametandika kitambaa mlangoni. Anauza fungu la nyanya 7 kwa faranga zilezile, na ushuru halipi. Wanunuzi wanaishia mlangoni.

Gazeti au kiongozi akisema, "Wahamishwa ni maadui wa wachuuzi," jibu limekwisha kutolewa na neno lenyewe, kwa maana adui anafukuzwa. Hakuna tena atakayeuliza habari ya nyanya.

Akisema, "Wachuuzi wamepata washindani wapya," maswali yanafunguka. Kwa nini yule anauza rahisi? Kwa sababu halipi ushuru, na anahitaji pesa kabla ya jioni ili watoto wale. Basi lalamiko la mwenyeji ni la kweli: ushindani huu hauna usawa. Kamati inaweza kukaa na wote wawili pamoja na mtoza ushuru. Mhamishwa apewe nafasi ndani, naye alipe kiasi kitakachokubaliwa kadiri ya biashara yake. Hapo ugomvi ni juu ya ushuru na nafasi, si juu ya kabila wala kijiji mtu alikotoka.

Hata hivyo neno mshindani lina mpaka wake. Anayechoma meza ya mwenzake, au anayemtisha usiku, hashindani naye. Huo ni uhalifu, uitwe hivyo na upelekwe kwa wenye kuhukumu. Tusiufunike kwa neno laini.

Viongozi, mkiwa kwenye mkutano na mtu akatamka "adui", msimgombeze. Mwulizeni: amekufanyia nini hasa? Akijibu, "Ananinyang'anya wanunuzi," mmekwisha kujua kwamba mnazungumza juu ya mshindani, na kazi yenu ni kutafuta bei, nafasi na ushuru wa haki.