Kueleza ili kujua: hesabu ya siku ya kuvunja sanduku

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanamemba na wafadhili katika mkutano mkuu wa chama)



Komite imetuomba tuseme kuhusu namna sisi wafanyakazi wa tereni tunavyojifunza mambo magumu kabla ya kuwafundisha. Hatutaleta maneno mengi. Tutawaambia kisa kimoja, cha hesabu moja, maana katika hesabu hiyo sisi tulijiona tunajua, kumbe hatujui.

Wengi wenu muko katika vikundi vya kuweka na kukopesha, vile tunaita avek. Njia hii ilianzia Nijeri mwaka 1991, kwa bamama wa vijijini ambao wengi hawakujua kusoma. Ndiyo sababu imetengenezwa nyepesi. Kila kikao mwanamemba ananunua hisa, kuanzia moja mpaka tano. Bei ya hisa haibadiliki mpaka mzunguko uishe. Makuta yanakaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Wanamemba wanakopa, wanarudisha pamoja na faida. Mwisho wa mzunguko, miezi tisa mpaka kumi na mbili, sanduku linavunjwa na kila mtu anachukua sehemu yake. Mfuko wa msaada, ule wa magonjwa na msiba, unahesabiwa pembeni, hauingii humo.

Hesabu ya kugawana tuliijua kwa kichwa: chukua makuta yote ya sanduku, gawanya kwa hisa zote, unapata thamani ya hisa moja. Halafu kila mtu anahesabu hisa zake mara thamani hiyo. Tulikuwa tumeifundisha vikundi vingi. Watu wanaitika, wanapiga makofi, tunapanda pikipiki tunarudi.

Siku moja, katika kikundi kimoja, mama mmoja aliyerudi kutoka kambi za Tanzania akasimama. Alikuwa anangojea makuta yale anunue mabati, maana nyumba yake ilikuwa bado ya nyasi na mvua imekaribia. Akatuuliza: «Wanangu, miye niliweka makuta yangu toka mwanzo. Uyu mwenzangu amekuja juzi-juzi tu. Mbona faida ya hisa yake na ya yangu iko moja?»

Tukajibu: «Mama, ndiyo kanuni ya avek.»

Akanyamaza, akakaa. Jioni tukasikia anasema kwamba komite imekula faida yake, na kwamba mzunguko ujao haingii. Wengine watatu walikuwa wanamfuata. Kikundi kilikuwa kinakufa, na hakuna aliyeiba hata franga moja.

Njiani tukaulizana sisi kwa sisi: jibu la kweli ni lipi? Hakuna aliyekuwa nalo. Tulijua kufanya hesabu, hatukujua inafanya nini. Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Yale, Amerika, Rozenblit na Keil, walitoa uchunguzi wao. Waliwaomba watu waseme wanaelewa kwa kiasi gani vitu vya kila siku, kama zipu ya nguo au choo cha kuvuta maji. Halafu wakawaambia: sasa eleza hatua kwa hatua namna kinavyofanya kazi. Baada ya kujaribu kueleza, watu wenyewe wakashusha alama walizojipa. Mtu anagundua shimo wakati anapoeleza.

Basi tukafanya hivi. Usiku ule tulimtafuta mtu ambaye hajaingia avek hata siku moja: mdogo wetu wa nyumbani, kijana wa miaka kumi na mitatu. Tulikataa kumweleza mwenzetu wa kazi, sababu mwenzetu anaruka mahali tunaporuka sisi. Mwanzo anauliza. Tukajikataza pia maneno ya kazi: hakuna kusema «mtaji», hakuna «thamani ya hisa». Tulichukua mbegu za maharagi, mbegu moja ni hisa moja ya franga 1 000.

Tukaweka mafungu matatu juu ya meza. Mama wa kwanza ana mbegu 40, alinunua kuanzia mwanzo. Wa pili ana 25, naye kuanzia mwanzo. Wa tatu ana 15, alizinunua zote katika vikao vitatu vya mwisho, tano-tano. Jumla ni mbegu 80, yaani franga 80 000. Mikopo ilileta faida ya franga 16 000. Sanduku lina 96 000. Ukigawanya kwa 80, kila mbegu inapata 1 200. Wa kwanza anachukua 48 000, wa pili 30 000, wa tatu 18 000.

Kijana akatazama fungu la tatu, akauliza: «Uyu wa tatu, makuta yake nani aliyakopa?»

Hapo tukakwama. Ukweli ni kwamba hakuna. Katika avek mikopo inasimamishwa majuma kadhaa kabla ya kuvunja sanduku, ili madeni yote yarudi. Makuta ya mama wa tatu yaliingia wakati hakuna mkopo unaotoka tena. Yalilala ndani ya sanduku, yakatoka na faida ya 3 000. Faida ile ilitoka wapi?

Kijana mwenyewe akaondoa mbegu 15. Zikabaki mbegu 65 na makuta 81 000. Tukagawanya: kila mbegu ingepata 1 246 na kidogo. Kumbe kila mbegu ya wale wawili wa mwanzo ilipoteza kama franga 46. Kwa mama wa kwanza ni kama 1 846, kwa wa pili kama 1 154. Jumlisha: ni 3 000 kamili, ile aliyochukua mama wa tatu.

Basi mama wa mabati alikuwa na haki ya kuuliza. Hakuibiwa, lakini sehemu ya faida yake ilihamia kwa mwingine, na kanuni ndiyo iliyoihamisha. Sisi, wenye diploma, tulimjibu «ndiyo kanuni».

Tukabakiza swali moja: kwa nini basi kanuni iko hivyo? Tukarudi kwa kitabu cha mafunzo na kwa wenzetu wa zamani, kutafuta shimo lile moja tu. Tukaelewa hivi. Ili ugawe faida kulingana na muda, lazima upime kila muhuri wa kila kijitabu: uliingia juma gani, ulikaa miezi mingapi. Hesabu hiyo mtu mmoja mwenye kalkuleta ndiye ataiweza, na wengine watamwamini au watamshuku. Kwa bei moja isiyobadilika, hata asiyesoma anahesabu mihuri yake mwenyewe. Kikundi kinakubali kosa dogo ili kila mtu aone hesabu kwa macho yake. Na ule mpaka wa hisa tano kwa kikao unasaidia kosa libaki dogo: bila huo, mwenye makuta angekuja kikao cha mwisho na hisa mia.

Tulirudi kwa kikundi na maharagi yetu. Tukaanza kwa kumwambia yule mama kwamba swali lake lilikuwa la kweli na sisi hatukulijua. Tukapanga mafungu matatu. Halafu hatukuuliza «mumeelewa?», maana mbele ya watu wa shirika kila mtu anasema ndiyo, kwa heshima. Waganga katika vituo vya afya wana njia yao: wanamwomba mgonjwa arudishe kwa maneno yake namna atakavyokunywa dawa, na wanamwambia wazi kwamba wanapima maelezo yao, hawampimi yeye. Nasi tukasema: «Mama, tunataka kujua kama sisi tumeeleza vizuri. Mweleze uyu jirani ambaye hakuwepo.» Na tukabadilisha mbegu: 30, 20 na 10, sanduku lina 69 000.

Akahesabu mbegu, 60. Akagawanya pamoja na jirani yake, wakapata 1 150. Akampa wa kwanza 34 500, wa pili 23 000, wa tatu 11 500. Halafu akajumlisha, akaona 69 000 imerudi. Akasema: «Sanduku limebaki tupu. Hakuna mahali pa kuficha.» Tangu siku ile hatujasikia tena neno la wizi.

Kikundi chenyewe kikabadilisha sheria yake ya ndani: mikopo ikisimama, na kuuza hisa kunasimama. Yule mama aliingia mzunguko mpya.

Sasa tuseme na ubaya wa njia hii, maana iko nao. Mwanzo anaweza kuonyesha shimo, hawezi kukusahihisha. Ukimweleza uongo kwa maneno mazuri, mtatoka mumekubaliana katika uongo. Kwa hiyo lazima kuwe na kitu cha nje kinachopima: hapa ni ile jumla inayorudi kuwa sawa na sanduku. Pale ambapo hakuna kipimo kama hicho, rudi kwa kitabu au kwa mtu anayejua kabla ya kupeleka neno kwa watu. Ya pili, mtu kurudisha maneno yako kama kasuku haionyeshi kwamba ameelewa. Mpe tarakimu nyingine. Ya tatu, inachukua muda. Hesabu hii moja ilitukula usiku mzima na kikao kizima cha kikundi. Haiwezekani kwa kila kitu. Chagua swali moja ambalo likibaki bila jibu linaweza kuvunja watu.

Namna ya kujua kwamba uko na shimo ni rahisi. Ujisikilize. Ukisema «ndiyo kanuni», «iko vile tu», «utaelewa mbele», umefika mahali ambapo wewe mwenyewe hujui. Weka alama pale, usipite.

Kwa ninyi wafadhili tunaomba jambo moja. Katika ripoti munatuuliza ni watu wangapi waliofundishwa. Mtuulize pia ni wangapi waliomweleza mtu mwingine hesabu, na ikatoka sawa. Tarakimu itakuwa ndogo zaidi, lakini ndiyo ya kweli.

Na kwa ninyi wanamemba: siku ya kuvunja sanduku imekaribia kwa vikundi vingi. Kabla ya siku hiyo, chukua maharagi, mwite mtoto au jirani asiyekuwa katika avek, umweleze namna utakavyopata makuta yako. Akiuliza ukakosa jibu, lileteni swali lile kikaoni. Msilipeleke njiani.