UJIRA WA JUMATATU NA JUMANNE UANDIKWE WAPI?
(Mazungumzo ya mtunza hazina na wanachama, kuhusu kufunga mahesabu ya mwezi)



Mwezi Juni 2026 unaisha siku ya Jumanne. Vibarua wetu wa stoo ya karafuu na mdalasini tunawalipa Jumamosi. Basi tarehe 30 jioni watakuwa wamekwisha kufanya kazi siku mbili na hawajapokea hata senti. Tuseme ni vibarua wanne, kila mmoja shilingi 8,000 kwa siku. Hiyo ni shilingi 64,000. Fedha bado imo sandukuni, lakini si yetu tena.

Maji nayo ni hivyo hivyo. Ankara huja mwezi unaofuata, ila maji tumekwisha kuyatumia. Hatuna haja ya kuingoja. Mita ilisoma 412 mwisho wa Mei. Ikisoma 430 tarehe 30, tumetumia uniti 18. Kwa shilingi 1,500 kila uniti, tunadaiwa 27,000. Umeme wa LUKU usiingizwe humu, maana ule tunaulipia kwanza ndipo tuutumie.

Sasa, leja ikionyesha ziada ya 350,000 bila madeni hayo, wanachama watasema tugawane yote. Nani atawakatalia? Kumbe ziada ya kweli ni 259,000. Tukigawana ile 350,000, Jumamosi tutawaambia nini wale wanne?

Kwa hiyo kabla ya kufunga, karani aandike 64,000 upande wa kushoto wa ukurasa wa Ujira, na 27,000 upande wa kushoto wa ukurasa wa Maji. Halafu 91,000 upande wa kulia wa ukurasa wa Madeni. Daftari la fedha asiliguse, kwa sababu hakuna fedha iliyotoka. Na kazi ya kubeba magunia iliyopangwa Jumatano asiiandike, haijafanyika bado.

Penye kuteleza hasa ni Jumamosi yenyewe. Vibarua watalipwa siku sita, jumla 192,000. Karani akiiandika yote kwenye Ujira wa Julai, zile 64,000 zimehesabiwa mara mbili, na Julai itaonekana ya hasara bure. Aigawe: 64,000 upande wa kushoto wa Madeni, kulifuta deni, na 128,000 tu kwenye Ujira wa Julai.

Hata asiyejua leja anaweza kukagua. Jumatatu inayofuata aombe ukurasa wa Madeni. Ujira uwe umefutika, yabaki maji peke yake. Akikuta 64,000 bado imekaa pale na vibarua wamekwisha kulipwa, hapo pamekosewa, karani aitwe.

Ankara ya maji ikija imepishana kidogo na makisio yetu, tusifungue tena vitabu vya Juni. Tofauti hiyo iingie Julai.

Mita itasomwa jioni ya tarehe 30, kabla stoo haijafungwa, mbele ya mjumbe mmoja wa kamati. Namba itabandikwa hapa ubaoni.