Kwa Nini Makisio ya Mbali Huurudia Wastani: Modeli za ARIMA na Bei ya Korosho Masasi na Newala

Modeli ya ARIMA hukisia thamani zijazo za mfululizo kwa kutumia thamani zake zilizopita na makosa ya makisio yaliyotangulia. Makisio ya hatua moja hutazama kipindi kinachofuata tu. Ya hatua nyingi husonga mbele, kila kisio likijengwa juu ya lile lililolitangulia. Mfululizo ukiwa tulivu, yaani usipouacha wastani wake moja kwa moja, makisio hayo huukaribia wastani hatua kwa hatua huku shaka inayoyazunguka ikipanuka. Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja.

Mfano mzuri ni bei ya korosho ghafi katika minada ya nyanda za juu za Makonde na maeneo jirani. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, mzigo huingia ghalani, kisha chama kikuu huuza kwa mnada. Masasi iko chini ya chama kikuu cha MAMCU, na Newala pamoja na Tandahimba ziko chini ya TANECU. Mavuno huanza Oktoba na minada hufuatana kwa majuma kadhaa, hivyo kila msimu hutoa mfululizo mfupi wa bei.

Zichukuliwe namba za kufundishia, zisizotoka katika mnada wowote halisi. Wastani wa bei ni shilingi 2,000 kwa kilo, na mnada wa mwisho umefungwa kwa 2,600. Modeli ni rahisi kuliko zote: kila juma bei hubakiza asilimia 80 ya umbali wake kutoka kwenye wastani, kisha huongezewa mshtuko mpya usiotabirika. Mshtuko huo una wastani wa sifuri na mkengeuko sanifu wa shilingi 100. Unaweza kuwa mvua iliyolowesha korosho zilizoanikwa, meli iliyochelewa bandarini Mtwara, au mnunuzi mkubwa aliyejitoa.

Kwa mnada ujao, bei ilikuwa juu ya wastani kwa 600, asilimia 80 yake ni 480, basi kisio ni 2,480. Kwa mnada wa pili mshtuko wa juma la kwanza bado haujulikani. Kwa kuwa wastani wake ni sifuri, modeli huuweka sifuri, na 480 hupungua kuwa 384. Kisio huwa 2,384. La tatu ni takriban 2,307, na la kumi ni 2,064. Bei ya leo ndiyo habari pekee iliyopo, na uzito wake hupungua kila juma. Habari inapokwisha, kinachobaki ni wastani.

```
makisio(h)  = m + a^h * (x - m)
varianzi(h) = s^2 * (1 + a^2 + a^4 + ... + a^(2(h-1)))
```

Hapa m ni wastani, x ni bei ya mwisho, a ni 0.8, s ni 100, na h ni idadi ya majuma ya mbele. Mstari wa pili unaonyesha kinachotokea kwa mishtuko iliyowekwa sifuri. Katika makisio haipo, lakini katika bei halisi itatokea. Kosa la juma la kwanza lina mshtuko mmoja tu, na varianzi yake ni 10,000. Kosa la juma la pili lina mshtuko wa juma hilo pamoja na asilimia 80 ya ule wa juma la kwanza, hivyo varianzi hufika 16,400, na mkengeuko sanifu hutoka 100 kufika 128. Juma la tatu ni 143, la nne 152. Kila mshtuko wa nyuma huingia kwa uzito mdogo zaidi, kwa hiyo ongezeko hupungua hadi mkengeuko kukoma karibu na 167. Hicho ndicho kipimo cha kuyumba kwa bei yenyewe.

Hapo ndipo kilipo chanzo kimoja cha mambo yale mawili. Kuyumba kote kwa bei, yaani varianzi ya 27,778, hugawanyika mafungu mawili: lile linaloelezwa na makisio na lile linalobaki kuwa kosa. Kwa juma moja la mbele makisio yana fungu la 17,778 na kosa lina 10,000. Kadiri upeo unavyorefuka, fungu la kwanza huhamia la pili. Kwa hiyo mstari ulionyooka wa makisio ya mbali si dai kwamba bei itatulia. Bei itaendelea kupanda na kushuka, ila modeli haijui lini wala upande gani.

Hali hugeuka pale uzito unapokuwa 1 badala ya 0.8. Huo ni mfululizo unaohitaji kutofautishwa mara moja kabla ya kukadiriwa, na herufi I ya ARIMA husimama kwa ajili yake. Kisio la kila juma hubaki 2,600, kwa sababu hakuna wastani wa kuurudia, na hakuna mshtuko unaosahaulika. Varianzi huongezeka kwa 10,000 kila juma bila kikomo: mkengeuko sanifu ni 200 baada ya majuma 4 na 400 baada ya majuma 16. Kinachourudia wastani hapo ni mabadiliko ya bei. Wastani wa mabadiliko ukiwa sifuri, makisio huwa mstari wa usawa. Usipokuwa sifuri, huwa mstari wa kushuka au wa kupanda.

Kuchagua kati ya 0.8 na 1 ni kugumu kwa mfululizo mfupi. Kwa mfululizo wa minada 12, uzito unaokadiriwa hupungukiwa kwa wastani wa takriban (1 + 3a)/n, ambapo n ni idadi ya minada. Kwa a ya 0.8 upungufu huo ni karibu 0.28, hivyo makadirio huangukia karibu na 0.52. Kwa 0.8, nusu ya umbali kutoka kwenye wastani huisha baada ya majuma matatu hivi, kwa 0.52 huisha baada ya juma moja tu. Modeli hurudi kwenye wastani upesi kuliko bei yenyewe, na mipaka ya shaka huwa myembamba mno. Mipaka inayotolewa na programu kwa kawaida huchukulia kuwa uzito huo unajulikana kwa hakika, jambo linaloongeza wembamba huo.

Dawa ni kuijaribu modeli kwa msimu uliokwisha: kukadiria kwa minada mitano ya kwanza, kukisia inayofuata, kuongeza mnada wa sita, na kurudia hadi mwisho. Makosa hupangwa kwa upeo: ya juma moja peke yake, ya majuma mawili peke yake, na kuendelea. Mipaka ya asilimia 95 ikikamata bei 70 tu katika kila 100, modeli inajiamini kupita kiasi. Makosa ya mbali yakielemea upande mmoja, wastani umehama au umekadiriwa vibaya.

Kuna mabadiliko ambayo hakuna hesabu ya mishtuko inayoyabeba. Oktoba 2018 wakulima wa Mtwara waliyakataa mapendekezo ya bei ya wanunuzi, na Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likisimamia usombaji. Varianzi ya ARIMA hupima kuyumba ndani ya utaratibu uliozaa data. Utaratibu ukibadilika, makisio huanza upya kwa data mpya.