Sentimita Mbili za Mama Mwalimu

Barua ya leo imetoka Tanga, kwa mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 68. Ameniruhusu kuisoma hewani bila jina lake. Nimeifupisha kidogo.

“Daktari mwanangu, salaam. Mwaka jana kliniki ya presha walinipima urefu wakaandika sentimita 161. Mwezi uliopita, pale pale, nikaambiwa 157. Nilidhani muuguzi amekosea, lakini magauni yangu siku hizi yanafagia sakafu, na rafu ya juu ya kabati siifikii bila kupanda kigoda. Fomu yangu ya ajira ya mwaka 1979 inaonyesha nilikuwa na 163. Siumwi sana. Miezi kadhaa iliyopita niliinua ndoo ya maji mgongo ukashtuka, nikalala kitandani nikimeza diklofenaki mpaka ikapita. Nina pumu ya siku nyingi. Jirani anasema nikapimwe uzito wa mifupa Dar es Salaam, na mwanangu yuko tayari kulipa. Niende?”

Shikamoo, mama mwalimu. Nauli hiyo iweke kwanza. Ipo picha moja ya eksirei unayoweza kupigwa huko huko Tanga, na kwa hali uliyoieleza, hiyo ndiyo itakayotangulia.

Lakini kabla ya picha tuanze na futi, maana vipimo vya urefu vya kliniki nimeviona vikichukuliwa kwa haraka, mgonjwa akiwa na viatu na kilemba kichwani, foleni ikisukumana nyuma yake. Nilimwuliza mama kwa simu kama mwaka jana alivua viatu. Hakuvua, alikuwa na makubadhi yenye soli ya kama sentimita moja. Na safari hii alipimwa alasiri, baada ya kusimama kutwa nzima. Jambo hili la saa wengi hawalijui: kati ya pingili za uti wa mgongo kuna diski zenye maji, na tunaposimama mchana kutwa uzito wa mwili huyakamua maji hayo kidogo kidogo. Usiku tukilala diski hujaa tena. Kwa hiyo mtu yuleyule anaweza kuwa mfupi jioni kwa sentimita moja au zaidi kuliko alivyoamka.

Nikamwomba apimwe upya nyumbani asubuhi. Miguu mitupu, kilemba pembeni, visigino, makalio na mabega yaguse ukuta, macho yatazame mbele moja kwa moja, avute pumzi ndefu. Mjukuu akaweka kitabu kigumu juu ya kichwa, upande mmoja ukilala ukutani, akatia alama kwa penseli, kisha akapima kwa futi ya chuma ya fundi seremala. Ile ya fundi cherehani ikizeeka huvutika na kudanganya. Walirudia mara tatu, wastani ukawa sentimita 158.

Sasa tunaweza kupiga hesabu. Ukitoa soli ya makubadhi, mwaka jana mama alikuwa na kama 160, hivyo amepoteza sentimita mbili kwa mwaka. Kutoka ile 163 ya ujana amepoteza tano. Kuanzia miaka arobaini na kitu kila mmoja wetu hupungua, kwa kawaida kama sentimita moja kila miaka kumi, na kasi huongezeka baada ya miaka 70. Madaktari wa mifupa wana mistari miwili: mtu mzima akipoteza sentimita 2 kati ya vipimo vilivyopigwa kliniki, au sentimita 4 kutoka urefu wake wa ujana, apigwe picha ya uti wa mgongo. Kipimo cha mwaka jana kina mashaka ya makubadhi, sawa, lakini ule mstari wa pili mama ameuvuka bila ubishi.

Kuna jambo jingine alilolitaja kama la kupita tu. Alipojiegemeza ukutani, kisogo chake hakikugusa ukuta mpaka alipoinua kidevu. Hiyo ni dalili ambayo daktari huitafuta makusudi. Huonyesha kwamba sehemu ya juu ya mgongo imeinama mbele, na mara nyingi kilichoinamisha ni pingili iliyobonyea.

Kila pingili ni kama kopo dogo la mfupa, ukuta wake mwembamba, ndani yake vijiti vya mfupa vilivyosukana. Miaka ikienda, na hasa kwa mwanamke baada ya kukoma hedhi, vijiti hivyo hukonda na vingine hukatika. Kisha siku moja unainama kuinua ndoo, uzito wote unaangukia upande wa mbele wa pingili, na upande huo unabonyea. Pingili iliyokuwa sawa mbele na nyuma inakuwa kabari. Huko ni kuvunjika mfupa, ingawa hakuna aliyeanguka wala kugongwa na bodaboda. Wengi hupata maumivu ya wiki chache yanayoitwa kiuno au uzee, wengine hawasikii chochote. Takriban theluthi mbili ya mivunjiko ya aina hii haigunduliwi inapotokea. Ule mshtuko wa ndoo, mama, ndio ninaoutilia shaka zaidi katika barua yako yote.

Kwa hiyo omba picha ya uti wa mgongo iliyopigwa ubavuni, na iwe ya sehemu mbili: mgongo wa kifuani na wa kiunoni. Nasisitiza ubavuni kwa sababu kabari haionekani vizuri ukipigwa kutoka mbele. Nasisitiza sehemu mbili kwa sababu mgonjwa akisema kiuno, fomu huandikwa kiuno peke yake, wakati pingili zinazobonyea sana ziko katikati ya mgongo, na pale kifua kinapoungana na kiuno. Msomaji wa picha hulinganisha kimo cha mbele cha pingili na cha nyuma. Mbele ikiwa imepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, hiyo huhesabiwa kuwa imevunjika.

Picha hiyo ina kazi nyingine ambayo mashine ya Dar es Salaam haiwezi kuifanya vizuri, nayo ni kuonyesha kama tatizo ni jingine kabisa. Kwetu huku kifua kikuu hushuka kwenye uti wa mgongo. Kikishika, huzila pingili mbili zinazopakana pamoja na diski iliyo kati yake, kingo zinaonekana zimeliwa. Mfupa uliobonyea kwa udhaifu kwa kawaida huiacha diski salama. Ipo pia saratani inayoanzia kwenye uboho, ambayo hutoboa mifupa ya wazee. Mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi hukonda, hupata homa au jasho la usiku, na maumivu hayamwachi hata amelala. Mama hana hayo. Lakini yeyote mwenye mgongo unaouma ambaye miguu inaanza kulegea au mkojo haumtii, asingoje kliniki. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Tuje kwenye uzito wa mifupa. Mashine yake inaitwa Deksa, hutumia mionzi kidogo sana, unalala juu ya kitanda dakika chache tu. Hupima madini yaliyomo katika kila sentimita ya mraba ya mfupa wa nyonga na wa kiuno, kisha hukulinganisha na mwanamke kijana mwenye afya. Tofauti hiyo inaitwa alama T. Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 liliweka mpaka kwenye hasi 2.5: ukiwa hapo au chini yake, mifupa yako imeingia kwenye ugonjwa unaoitwa osteoporosisi.

Ni kipimo kizuri, lakini kinaweza kumdanganya mtu kama mama yetu. Pingili ya kiuno ikibonyea, madini yaleyale yanakusanyika katika eneo dogo zaidi, na mashine inasoma kwamba mfupa ni mzito. Vivyo hivyo miiba ya mfupa inayoota pembeni mwa pingili za wazee. Nimeona watu wakirudi na karatasi yenye majibu mazuri ya kiuno na mgongo umepinda. Fundi mzuri huiacha pingili iliyobonyea nje ya hesabu, na kwa umri huu mfupa wa nyonga ndio wa kuaminiwa zaidi. Tena, pingili ikishavunjika kwa kuinua ndoo, na magonjwa yale mengine yameondolewa, jibu la osteoporosisi limepatikana hata kama alama T haijafika hasi 2.5. Hapo Deksa itatusaidia kujua tulipoanzia, ili tulinganishe baada ya dawa. Mashine hizi ni chache na ziko miji mikubwa. Kama fedha ya mwanao inatosha upande mmoja tu, ilipe picha na vipimo vya damu.

Damu ipimwe kalisi, figo, tezi ya shingo na wingi wa damu, na vitamini D kama inapatikana. Na kuna pumu. Nilipomdadisi, mama alikiri kwamba kifua kikibana huenda duka la dawa na kununua prednisoloni, na kwamba imekuwa hivyo miaka mingi. Vidonge hivyo vikitumika kwa miezi vinapunguza ujenzi wa mfupa, hata kwa kipimo cha miligramu 5 kwa siku. Mama, usiviache ghafla, maana mwili uliovizoea unaweza kuzimia. Mwambie daktari ukweli wote, aangalie kama pampu ya kuvuta mdomoni itatosha kuishika pumu yako.

Ikithibitika, dawa ipo. Inayotumika sana ni alendronati ya miligramu 70, kidonge kimoja kwa wiki. Humezwa asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, chai haifai, na usilale wala kula kwa nusu saa, la sivyo itaunguza koo. Asiyeweza kukaa wima nusu saa hiyo, au mwenye figo zilizochoka, hapewi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao na maziwa vitampa kalisi, lakini vidonge vya kalisi vinavyouzwa kama vya kunenepesha mifupa haviwezi peke yake kuziba kazi ya dawa. Wala asikawie: katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2001, karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliovunjika pingili alivunjika nyingine ndani ya mwaka uliofuata.

Wakati unangoja picha, ndoo ibebwe na mjukuu, na ule ufagio wa chelewa unaokuinamisha uufunge kwenye mpini mrefu. Kuinama mbele ukiwa na mzigo ndiko kunakobonyeza pingili.

Mwisho wa barua yake mama aliuliza kama urefu utarudi. Hautarudi, pingili iliyobonyea hubaki ilivyo, labda mazoezi ya misuli ya mgongo yanyooshe kidogo pale palipoinama. Apimwe tena baada ya miezi sita, asubuhi, kwa futi ileile. Akiwa 156 au chini ya hapo apigwe picha nyingine.