Picha ya Kilio Kati ya Simu Mbili



Leo nataka tuzungumzie picha moja tu: ile ya mama mkubwa aliyefariki, ambayo familia inaitafuta ili ipelekwe studio, ikuzwe, itiwe fremu na kuwekwa mbele ya watu kwenye kilio hapa kwetu Lubumbashi. Mara nyingi picha nzuri kuliko zote imo ndani ya simu ya mjukuu anayefanya kazi Kolwezi, na simu hiyo ni iPhone. Anayeshughulikia mambo ya studio ni yaya yake, na yeye ana Tecno, au Itel, au Samsung. Wamekaa kwenye viti viwili vya plastiki, bega kwa bega. Na picha haipiti.

Wanaanza na Bluetooth, kwa kuwa ndiyo sote tuliyoizoea tangu simu za vitufe. Simu zinaonana, pengine hata zinakubali kuunganishwa, halafu Tecno inasema imeshindwa. Simu haijaharibika. iPhone hutumia Bluetooth kwa spika, kwa saa, kwa vipokea sauti vya masikioni, lakini Apple hawakuwahi kuiruhusu itume wala ipokee faili kwa njia ile ya kawaida inayotumiwa na Android. Kwa hiyo unaweza kujaribu mpaka jioni.

Baadaye mjukuu anafungua AirDrop. Hiyo Apple waliiweka kwenye iPhone mwaka 2013, na ni njia nzuri sana, ila imejengwa kwa ajili ya vifaa vya Apple. Google nao walileta Nearby Share mwaka 2020, na mwaka 2024 ikachukua jina la Quick Share. Kila upande una mlango wake, na kwa miaka mingi milango hiyo haikufunguka kuelekeana. Mnamo Novemba 2025 Google walitangaza kwamba Quick Share inaweza kuzungumza na AirDrop, wakaanza na simu zao za Pixel 10, kwa sharti kwamba mwenye iPhone aruhusu kila mtu kwa dakika 10. Ni habari njema. Lakini Pixel 10 si simu utakayoikuta mikononi mwa watu wengi pale kilioni Katuba, na picha inahitajika leo.

Basi wanaishia WhatsApp. Mjukuu anatuma, picha inafika, kwenye kioo cha simu inang'aa, kila mtu anaridhika. Hapo ndipo naomba tutulie kidogo, maana uharibifu umekwisha kutokea na hakuna aliyeuona.

Picha ya kawaida ya iPhone nyingi ina nukta 4032 kwa upana na 3024 kwa urefu. WhatsApp, unapotuma picha kwa njia ya kawaida, huipunguza mpaka karibu nukta 1600 upande mrefu, ili isile mega nyingi. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti. Sasa tuchukue picha yetu: ilipigwa siku ya arusi, mama mkubwa amekaa katikati ya watu kumi, na kichwa na mabega yake vinachukua robo ya upana. Fundi wa studio atakata robo hiyo. Kwenye picha ya asili, robo ni nukta 1000 hivi. Kwenye ile ya WhatsApp ni 400 tu. Mkitaka fremu ya upana wa sentimita 20, picha ya asili inawapa nukta 50 kwa kila sentimita. Si nyingi kama fundi angependa, lakini ukisimama hatua mbili mbali, uso ni uso. Ile nyingine inawapa nukta 20 kwa kila sentimita. Macho yanakuwa madoa, mikunjo ya shavu inapotea, kitambaa cha kichwani kinageuka ukungu. Fundi ataongeza mwanga, atalainisha ngozi, na mama mkubwa atafanana na mtu mwingine. Nimeona wazee wakiitazama picha ya namna hiyo kwa muda mrefu bila kusema neno, na inaniuma kwa sababu picha nzuri ilikuwapo palepale uani, ndani ya mfuko wa mtu.

WhatsApp yenyewe ina njia ya kupunguza hasara: badala ya kutuma kama picha, bonyeza kuambatisha, chagua Document, halafu chagua picha humo. Ikitumwa hivyo inafika nzima. Kwa picha moja hiyo inatosha kabisa, ikiwa mtandao upo na mega zipo pande zote mbili. Lakini familia hutaka picha zote za mwisho za mama yao, labda mia moja, na mia moja za asili zinafika mega 200 au 300 kupanda na kiasi hichohicho kushuka, wakati simu zenyewe zimekaa bega kwa bega.

Njia ninayoitetea haitumii hata mega moja wakati wa kutuma. Simu zote mbili zina Wi-Fi, na Wi-Fi haihitaji intaneti ili simu moja iongee na nyingine. Kinachotakiwa ni simu moja ifungue hotspoti, ile tunayoiita hapa partage, nyingine iingie humo, na zote mbili ziwe na programu moja inayofahamika pande zote. Wengi mnaijua Xender, nayo hufanya kazi kwa msingi huohuo. Mimi ninapenda LocalSend: ni ya bure, haiombi akaunti, haina matangazo, na ipo kwa iPhone na kwa Android. Shida yake ni moja, lazima iwe imeshaingizwa. Kwenye Android unaweza kuipata kutoka kwa Android ya jirani bila intaneti. Kwenye iPhone lazima ishushwe kutoka App Store, kwa hiyo hapo mjukuu atatumia mega kidogo, mara moja tu.

Sasa sikilizeni utaratibu. Mwenye Tecno anazima kwanza data ya simu. Nasema kwanza, na nina sababu. iPhone ikiingia kwenye Wi-Fi inadhani imefika nyumbani kwa tajiri: inaanza kupandisha picha zake iCloud, inasasisha programu, na mega zinazoliwa ni za yaya mwenye Tecno. Data ikizimwa, hakuna cha kuliwa. Kisha anafungua hotspoti. Simu nyingi hukubali kuifungua hata bila data. Mjukuu anakwenda kwenye Wi-Fi ya iPhone yake, anachagua jina la Tecno, anaandika neno la siri. iPhone itamwambia kwamba mtandao huu hauna intaneti. Asiogope, abaki humo. Umeme wa SNEL ukikatika wakati huo, haidhuru, kwa sababu hotspoti iko kwenye betri.

Wote wawili wanafungua LocalSend na kuiacha mbele ya macho. Mwenye Tecno anakaa kwenye Recevoir, na pale anaona jina ambalo programu imempa, mara nyingi jina la tunda. Mjukuu anabonyeza Envoyer, anachagua picha, anaona lile jina la tunda, analigusa. Tecno inauliza kama mwenyewe anakubali. Anakubali. Picha mia moja zinapita kwa dakika chache, na ni faili zilezile zilizotoka kwenye kamera.

Pakikwama, mara nyingi dalili ni moja: simu hazionani. Sababu ya kwanza ya kutazama ni ruhusa. Tangu mwaka 2020 iPhone huuliza kama programu inaruhusiwa kuona vifaa vilivyo kwenye mtandao uleule, na watu wengi hubonyeza hapana kwa haraka. Nenda Réglages, kisha Confidentialité et sécurité, kisha Réseau local, uwashe LocalSend. Sababu ya pili ni VPN, ambayo wengi wetu tunaiacha imewaka. Izime pande zote. Na kama kazi inaanza kisha inakatika katikati, tazama kioo cha iPhone: kikizimika, au mjukuu akiingia Facebook wakati anasubiri, iPhone huilaza programu na picha zinasimama.

Kuna kikwazo kingine kinachowashangaza watu. Mjukuu anachagua picha ya miaka mitatu iliyopita, na kiduara kinazunguka tu. Hiyo ni kwa sababu iPhone yake, ili kuokoa nafasi, imebaki na nakala ndogo. Ile ya asili iko iCloud. Hotspoti bila intaneti haitaileta. Arudi kwenye data yake mwenyewe, aifungue picha hiyo mpaka ishuke yote, kisha aingie tena kwenye hotspoti.

Halafu studio. Tangu mwaka 2017 iPhone nyingi huhifadhi picha kwa muundo unaoishia na HEIC. Android kuanzia ya 9 huufungua, lakini kompyuta ya zamani ya studio inaweza kukataa, na fundi atakwambia picha imeharibika. Haijaharibika. Mjukuu akienda Réglages, Appareil photo, Formats, na kuchagua Le plus compatible, picha zitakazopigwa baadaye zitakuwa JPEG. Zilizokwisha kupigwa hazibadiliki. Hizo itabidi zigeuzwe kuwa JPEG kwenye simu kabla ya kumpelekea fundi.

Na kama hakuna aliye na programu wala mega ya kuishusha? iPhone kuanzia ya 15 ina tundu la USB-C, sawa na simu nyingi mpya za Android. Flashi ndogo yenye kichwa cha USB-C, iliyoandaliwa kwa FAT32, inaingia pande zote mbili. Kwenye iPhone, chagua picha, bonyeza alama ya kushiriki, halafu Enregistrer dans Fichiers, uelekeze kwenye flashi. Ni polepole kidogo, lakini haiombi ruhusa ya mtu yeyote.

Kabla mjukuu hajapanda basi la kurudi Kolwezi, yaya afanye jambo moja. Afungue picha ile kwenye Tecno, atazame maelezo yake. Akiona 4032 kwa 3024 au zaidi, aende studio. Akiona 1600 kwa 1200, hiyo ni ile ya WhatsApp, na mjukuu bado yupo uani: amwite.