Boya la Tangi la Chini

Msikilizaji, pampu yako inapandisha maji kutoka tangi la chini hadi simtanki la juu ya paa. Juu kuna boya. Tangi likijaa, boya hupanda na pampu huzima. Lakini je, tangi la chini likikauka, nani anaizima?

Siku za mgawo wa maji, tangi la chini hukauka huku boya la juu linaning'inia na kuendelea kuita maji. Pampu inazunguka bila maji. Ni maji hayo yanayopoza sili yake. Yakikosekana, sili huungua upesi, kisha maji huvuja hadi kwenye mota.

Mwambie fundi aweke boya la pili kwenye tangi la chini. Maboya yote mawili yaungwe kwenye njia moja ya umeme, kwa mfululizo. Pampu iwake pale tu juu panapohitaji maji, na chini maji yapo. Boya la chini liizime pampu maji yakiwa bado shubiri moja juu ya mdomo wa bomba la kuvuta.

Kabla fundi hajaondoka, pampu ikiwa inavuta, ainue waya wa boya la chini hadi boya lining'inie. Pampu isipozima, waya umeungwa kinyume. Usimlipe bado.