Nani Anaushusha Mstari? Kuzisoma Slaidi za Msukumo wa Neva

Ndugu wanasemina, slaidi hii mnaifahamu: mstari umelala kwenye milivolti −70, unapanda ghafla hadi kama +30, unashuka, unazama kidogo chini ya pale ulipoanzia, kisha unatulia. Nimesahihisha karatasi nyingi zenye mchoro huo, umechorwa vizuri kabisa, na chini yake sentensi moja: "Pampu ya sodiamu na potasiamu ndiyo inayoushusha mstari." Hapo maksi zinakwenda. Nimeijenga mada yangu juu ya kosa hilo.

Tuanze na utando uliotulia. Ndani ya seli kuna potasiamu nyingi, takriban milimoli 140 kwa lita, na nje kama 4. Sodiamu ni kinyume chake: nje 145, ndani kama 12. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya pampu, inayotoa sodiamu tatu kila inapoingiza potasiamu mbili. Lakini ile −70 yenyewe hasa inatokana na uvujaji. Utando uliotulia una vijia vilivyo wazi kwa potasiamu, nayo inatoka ikiacha chaji hasi ndani. Kadiri inavyotoka ndivyo chaji hiyo inavyoivuta irudi. Ingekuwa potasiamu peke yake inayopita, mvutano huo ungesawazika karibu na −94. Sodiamu kidogo inayopenya ndiyo inayoleta mstari juu hadi −70.

Sasa kichocheo kinausukuma utando hadi kizingiti, karibu −55. Milango ya sodiamu inafunguka, sodiamu inaingia, utando unazidi kuwa chanya, na milango mingine inafunguka kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana hakuna nusu msukumo. Sodiamu ikiachiwa ingeupeleka mstari hadi karibu +66, lakini haufiki.

Haufiki kwa sababu kila mlango wa sodiamu una sehemu mbili, na slaidi nyingi huchora moja tu. Kuna lango linalofunguka upesi, na kuna kizibo upande wa ndani. Badiliko lile lile la umeme linalofungua lango ndilo linalokiita kizibo, ila kizibo kinachelewa. Kabla hata ya milisekunde moja kupita vizuri, lango liko wazi lakini njia imezibwa. Wakati huo huo milango ya potasiamu, mizito ya kufunguka, inafunguka. Potasiamu inamiminika nje na mstari unashuka. Milango hiyo ni mizito pia kufunga, kwa hiyo mstari unazama kupita −70 kabla ya kurudi.

Pampu haijatajwa katika kushuka huko. Katika nyuzi nene za neva za ngisi, zile zile ambazo Hodgkin na Huxley walizitumia kwa makala zao za 1952, pampu ikizuiwa kwa sumu neva huendelea kupiga misukumo mara nyingi sana. Inawezekana kwa sababu ioni zinazovuka katika msukumo mmoja ni chache mno: katika uzi wa ngisi, potasiamu inayotoka ni chini ya sehemu moja katika milioni ya iliyomo. Pampu inajaza ghala polepole, baadaye.

Na kizibo? Hakitoki mpaka utando urudi kuwa hasi vya kutosha. Kwa muda huo neva haipigi tena hata uichochee vipi.

Tumlete mgonjwa wa figo ambaye potasiamu ya damu yake imepanda kutoka 4 hadi 8. Pigeni hesabu kwa kanuni ya Nernst:

```
E = 61 × log(nje/ndani)
61 × log(4/140) = −94
61 × log(8/140) = −76
```

Utando wa misuli yake, ambao kwa kawaida hutulia karibu na −90, umesogea kuelekea kizingiti. Mwanafunzi aliyekariri mstari atasema misuli itarukaruka, na mwanzoni hilo linaweza kutokea kweli. Lakini mgonjwa anakuja miguu imelegea, hawezi kuinuka kitini. Utando ukisogea polepole na kubaki huko, vizibo vinaziba njia moja baada ya nyingine pasipo msukumo wowote kupigwa, na kwa kuwa utando haurudi chini, havitoki. Kizingiti kiko karibu, lakini milango iliyobaki huru haitoshi kuwasha msukumo.

Kwa hiyo katika mtihani wa mdomo siulizi tena namba za kwenye mstari. Ninamweleza mwanafunzi habari za mgonjwa huyu, kisha ninampa kalamu achore mlango mmoja wa sodiamu wa mguu wa mgonjwa: lango liko wapi, na kizibo kiko wapi.